Dola ya njano kwenye video yako: maana ya "Limited ads" na jinsi ya kuhakikisha matokeo baada ya ukaguzi

Ukifungua YouTube Studio asubuhi ukakuta alama ya dola iliyokuwa ya kijani jana usiku sasa ni ya njano, jambo la kwanza ni kutogusa kitu. Wengi huanza kwa kufuta video na kuipandisha upya, na hapo wanapoteza watazamaji waliokwisha kuipata pamoja na maoni yote, halafu alama hiyo hiyo inarudi kwa sababu video ni ile ile. Kabla ya kufanya lolote, jua kwanza alama inasema nini, na nani ameiweka.

Njano inasema nini

"Limited ads" maana yake ni kwamba video yako imeruhusiwa kuchuma, lakini sehemu kubwa ya wenye matangazo hawataki bidhaa zao zionekane karibu na kilichomo ndani yake. Anayeuza maziwa ya watoto hataki tangazo lake litangulie picha ya damu. Kwa hiyo video inabaki na kundi dogo la wenye matangazo ambao hawajaweka masharti hayo. Siku nyingine utapata matangazo machache, siku nyingine hakuna kabisa. Watazamaji wanaolipia YouTube Premium bado wanakuingizia fungu lao, hata video ikiwa na njano.

Njano si onyo la kuvunja sheria za jukwaa, na haihesabiwi kama adhabu kwa chaneli. YouTube wenyewe wamekuwa wakisema kwamba rangi ya dola haiamui video ipendekezwe kwa nani. Kuna watu wameona watazamaji wakishuka wakati mmoja na njano wakaunganisha mawili hayo, lakini mara nyingi chanzo ni kingine: video yenye mambo mazito huweza pia kuwekewa kikomo cha umri, na kikomo hicho ndicho kinachoiondoa kwenye macho ya watu wengi.

Ndiyo maana unapofungua orodha ya video zako, soma safu mbili, usisome moja. Safu ya "Monetization" ndiyo yenye dola. Safu ya "Restrictions" ndiyo inayoonyesha vizuizi vya hakimiliki na vya umri. Kama kwenye "Restrictions" kuna neno "Copyright", tatizo lako liko kwa mwenye wimbo au picha, na kuomba ukaguzi wa matangazo hakutasaidia. Kama kuna "Age restriction", shughulikia hiyo kwanza, kwa sababu video yenye kikomo cha umri hupata matangazo kidogo au isipate kabisa hata ukishinda hoja nyingine zote.

Nani ameiweka

Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote, na ndipo wengi wanaparuka.

Video inapopandishwa, mashine huipima: picha, sauti, kichwa cha habari, maelezo, na kijipicha. Wewe pia, kama chaneli yako iko kwenye mpango wa kuchuma, unajibu dodoso la kujikagua: kuna matusi, kuna damu, kuna dawa za kulevya, na kadhalika. Majibu yako na vipimo vya mashine huwekwa pamoja, dola inapata rangi. Rangi hiyo si ya mwisho. Katika siku ya kwanza, na wakati mwingine ya pili, inaweza kugeuka kutoka kijani kwenda njano au kinyume chake bila wewe kufanya chochote.

Njano ya aina ya pili ni ile iliyothibitishwa na binadamu. Mkaguzi ameitazama video, akakubaliana na mashine. Hii haibadiliki tena kwa ombi.

Kwa macho, njano hizi mbili zinafanana kabisa. Tofauti iko kwenye maneno. Tumia kompyuta, au kama una simu tu, fungua studio.youtube.com kwenye kivinjari na uchague mwonekano wa kompyuta. Ingia "Content", tafuta video, kisha peleka kishale juu ya dola ya njano bila kubofya. Kidirisha kidogo kitatokea. Kikikueleza tu kwamba video haifai kwa wenye matangazo wengi, na chini yake kuna "Request review", basi ni mashine iliyosema, na mlango uko wazi. Kikitaja kwamba uamuzi umethibitishwa kwa ukaguzi wa binadamu, kwa kawaida kwa maneno "manual review", na kitufe cha kuomba hakipo, basi mtu amekwishapita.

Kama una video nyingi, usizipekue moja moja. Kwenye mstari wa kichujio juu ya orodha chagua "Monetization", kisha "Limited", na zote zenye njano zitakuja pamoja.

Kabla ya kubofya kitufe

Ombi la ukaguzi ni moja kwa kila video. Ukilitumia vibaya, hurudishiwi. Kwa hiyo muda wa kujihoji ni sasa.

Tuchukue mfano wa chaneli ya mapishi. Mwenye chaneli amepika supu ya mbuzi, na kwa kuwa watu wake wanapenda kuona kitu kuanzia mwanzo, video inaanza uani: mbuzi analazwa, anachinjwa, anachunwa, kisha ndiyo jikoni. Video ni ya dakika kumi na nne. Kuchinja kumekaa kuanzia dakika 1:10 hadi 2:25, kamera iko karibu, damu inaonekana ikitiririka. Kijipicha ni kichwa cha mbuzi kwenye sinia, na kichwa cha habari ni "Tumemchinja! Supu ya mbuzi ya kienyeji."

Kwetu sisi hakuna la ajabu hapo. Ni Jumapili ya kawaida. Lakini miongozo ya matangazo haiulizi kama jambo ni la kawaida kwenu. Inauliza kama picha ya mnyama akiuawa au akipasuliwa imeonyeshwa waziwazi na kukaziwa macho. Chakula kikiandaliwa, nyama ikikatwa ubaoni, hata kuku mzima akioshwa kwenye karai, si shida. Kisu shingoni kwa sekunde sabini na tano, kamera karibu, ni shida, na mkaguzi yeyote mwenye miongozo ile mkononi atasema njano. Akiomba ukaguzi hivi hivi, ameshindwa kabla hajaanza.

Kwa hiyo anarekebisha kwanza. Ndani ya Studio, kwenye video yenyewe, kuna "Editor". Anachagua kukata, anaweka alama ya kuanzia 1:10 na ya kuishia 2:25, anahakiki kwa kuangalia tena, kisha anahifadhi. Kazi hiyo huchukua muda kuchakatwa, saa kadhaa wakati mwingine, na anwani ya video inabaki ile ile, watazamaji na maoni havipotei. Angetaka sehemu hiyo ibaki, angeweza kuifunika kwa ukungu, lakini kwa picha za damu mimi ningekata tu. Ukungu unamwambia mkaguzi kwamba kuna kitu kimefichwa, na sauti bado inasikika.

Kisha anabadilisha kijipicha kiwe bakuli la supu lenye mvuke na ndimu pembeni, na kichwa cha habari kiwe "Supu ya mbuzi ya kienyeji, kuanzia nyama hadi bakuli." Kwenye maelezo anaongeza sentensi mbili za kueleza video ni ya nini: mafunzo ya upishi, nyama imenunuliwa au imeandaliwa nyumbani, hakuna picha za kuchinja. Watu hudharau maelezo. Lakini miongozo huangalia muktadha, na picha ile ile inaweza kuhukumiwa tofauti ikiwa ni ya mafunzo au habari kuliko ikiwa ni ya kushtua. Mkaguzi akiona muktadha umeandikwa, hahitaji kuubahatisha.

Niseme neno kuhusu vichwa vya habari vya Kiswahili. Tuna mazoea ya kuua kila kitu. Timu inaua, msanii anaua jukwaani, bei zinaua, mchekeshaji anaua mbavu. Kwenye kanga au kwenye redio ni utamu wa lugha. Kwenye kichwa cha video, ambacho hupimwa pamoja na picha, unaweka neno la kuua juu ya video isiyo na mauaji yoyote, kisha unaomba mtu asiyekujua aamini kwamba ni utani. Mimi ningelitoa kabla sijaomba ukaguzi. Na kama ni tusi zito, usiliweke kabisa kwenye kichwa wala kwenye kijipicha. Tangu Julai 2025 YouTube wamelegeza sheria ya matusi katika sekunde saba za kwanza za video, lakini kulegeza huko hakukugusa kichwa wala kijipicha.

Baada ya kurekebisha, subiri siku moja. Mashine huenda ikaipima upya na kuirudisha kijani yenyewe, na hapo umehifadhi ombi lako.

Kuomba ukaguzi

Siku imepita, njano ipo bado. Rudi kwenye "Content", peleka kishale juu ya dola, bofya "Request review", fuata hatua zinazotokea. Ukipewa nafasi ya kuandika, andika kwa ufupi na kwa vitu vinavyoonekana: "Sehemu ya kuchinja imeondolewa. Video inaonyesha upishi tu. Kijipicha na kichwa vimebadilishwa." Usiandike kuhusu kazi uliyoifanya, au kwamba chaneli nyingine zinaonyesha mabaya zaidi. Mkaguzi hapimi chaneli nyingine. Anapima hii.

Ukaguzi unaweza kuchukua hadi siku saba. Katika muda huo acha video kama ilivyo. Ukibadilisha kichwa siku ya tatu na kijipicha siku ya nne, mwisho hutajua ni kipi kilichokubaliwa na kipi kilichokataliwa.

Kuhakikisha matokeo

Jibu likija, watu wengi hutazama rangi tu wakaridhika au wakakasirika. Kuna mambo matatu ya kulinganisha, na yakikubaliana ndipo unajua.

La kwanza ni barua pepe. Huja kwenye anwani ya chaneli, ikisema uamuzi umebadilishwa au umethibitishwa. Isome, lakini usibofye kiungo chochote ndani yake. Wezi wa chaneli wanajua kwamba mtu anayesubiri jibu la ukaguzi hufungua kila kitu, na barua za kughushi zenye nembo ya YouTube ni nyingi. Barua halisi haitakuomba nywila wala kupakua faili. Ifunge, andika anwani ya Studio mwenyewe kwenye kivinjari, uangalie humo.

La pili ni kidirisha cha dola. Peleka kishale tena. Ikiwa ya kijani, vizuri. Ikiwa ya njano, soma maneno: sasa yanapaswa kutaja ukaguzi wa binadamu, na kitufe cha kuomba kiwe kimetoweka. Ikiwa bado kuna kitufe, basi ombi lako halikufika. Labda dirisha lilifungwa kabla ya hatua ya mwisho. Omba tena. Ikiwa barua inasema kijani na kidirisha kinasema njano, onyesha ukurasa upya, kisha subiri saa chache kabla ya kushtuka.

La tatu ndilo ninaloliamini kuliko yote: takwimu za mapato. Fungua video, ingia "Analytics", kisha "Revenue". Bofya "See more" upate jedwali pana, na humo tafuta kipimo kinachoitwa "Estimated monetized playbacks". Hicho ni idadi ya mara ambazo video ilichezwa na tangazo likaonekana. Kilinganishe na mara zote video ilipotazamwa katika siku hizo hizo.

Turudi kwa mpishi wetu, kwa namba za mfano. Siku nne za njano video ilitazamwa mara 6,000, na kati ya hizo 400 tu ndizo zilizokuwa na tangazo. Hiyo ni kama 7 katika kila 100. Ukaguzi ukajibiwa, dola ikawa ya kijani. Siku nne zilizofuata video ikatazamwa mara 5,000, zenye tangazo zikawa 2,300, yaani 46 katika kila 100. Watazamaji wamepungua, matangazo yamepanda zaidi ya mara tano. Hapo hakuna ubishi kwamba kijani kimeshika kweli.

Usitegemee kufika 100 katika 100. Hata video ya kijani kabisa huchezwa mara nyingi bila tangazo, kwa sababu mtazamaji ana Premium, au ameshaonyeshwa tangazo muda si mrefu, au hakuna mwenye tangazo anayelenga nchi yake saa hiyo. Chaneli za Kiswahili hulijua hili: mtazamaji wa Minnesota na wa Morogoro hawaletewi matangazo sawa. Kwa hiyo kipimo chako kiwe video zako mwenyewe za kijani za muda huo huo. Kama huwa zinapata 45 katika 100, na hii nayo iko hapo, basi iko sawa na wenzake.

Na usiangalie mapato ya jana. Takwimu hizo huchelewa kama siku mbili, na ni makadirio. Hesabu iliyokamilika ya mwezi huingia AdSense kati ya tarehe 7 na 12 ya mwezi unaofuata. Mtu anayepata kijani Jumatatu jioni na kufungua "Revenue" Jumanne asubuhi ataona sifuri, atadhani amedanganywa.

Kuna kipimo kimoja cha mtaani ambacho hakifai: kufungua video yako mwenyewe, au kumwomba shemeji aifungue, muone kama tangazo linatokea. Video ya njano inaweza kuonyesha tangazo, kwa sababu lile kundi dogo la wenye matangazo lipo. Video ya kijani inaweza isionyeshe, kwa sababu nilizotaja. Hata chaneli ambazo haziko kwenye mpango wa kuchuma huweza kuwekewa matangazo na YouTube, bila mwenye chaneli kupata kitu. Tangazo moja kwenye simu moja halithibitishi chochote.

Yaliyopotea na yajayo

Kijani kikirudi, hulipwi kwa siku ulizokuwa njano. Na siku hizo mara nyingi ndizo zenye watazamaji wengi, kwa kuwa video hupata nguvu yake mwanzoni. Hivyo video yoyote unayoihisi ina hatari, iwe ya ajali, ya uzazi, ya uchaguzi au ya kuchinja, usiitoe hadharani siku ile ile. Ipandishe ikiwa ya faragha, jibu dodoso kwa ukweli, ngoja vipimo viishe, ikiwezekana uache ilale usiku mmoja. Ikigeuka njano ikiwa bado faragha, unakata, unaomba ukaguzi, unasubiri, na hakuna mtazamaji aliyepotea. Kwa habari za dharura haiwezekani, lakini supu inaweza kungoja.

Dodoso nalo lisichukuliwe kama mtihani wa kudanganya. Ukijibu kwamba hakuna damu na damu ipo, mashine hujifunza kwamba majibu yako hayaaminiki, na video zijazo zitapimwa bila kukusikiliza. Ukijibu kwa usahihi mara nyingi, majibu yako yanapewa uzito.

Ikiwa njano imethibitishwa na mkaguzi, acha kuisumbua video hiyo. Kuipandisha tena ikiwa vile vile ni kutafuta jibu lile lile. Kilicho halali ni kutengeneza video nyingine: sehemu ya jikoni peke yake, iliyosimuliwa upya, na kiungo kwenye maelezo kwa anayetaka kuona ya kwanza. Ile ya kwanza inabaki ilipo, inakusanya kidogo kutoka Premium, na kama una mfadhili anayelipa moja kwa moja kutajwa ndani ya video, muuza sufuria kwa mfano, malipo yake hayategemei rangi ya dola.